Kitabu cha Wiki Moja

Nimefundisha kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba kumchagulia mtu kitabu ni kazi nyepesi. Unamtazama umri wake na elimu yake, unampa kilicho bora, basi. Aliyenitoa katika kosa hilo hakuwa mkaguzi wa elimu wala mkufunzi wa chuo. Alikuwa mzee aliyeuza vitabu juu ya jamvi siku za gulio pale Kilimarondo, wilayani Nachingwea, na somo lenyewe alinipa bila kukusudia, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai 1996.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika tarafa hiyo. Mzee yule alikuja na baiskeli, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira. Alichouza zaidi kilikuwa madaftari, kalamu, juzuu na vitabu vya dini vilivyochapwa Ndanda na Peramiho. Hadithi zilikuwa chache, pengine ishirini, nyingine zimekwisha kusomwa na watu wengine. Siku ile nilikuwa nimeketi kwenye kigoda chake nikihesabu madaftari ya shule, ndipo akaja mtu nisiyemjua.

Alikuwa wa miaka arobaini hivi. Suruali yake ilikuwa ya mjini na imepigwa pasi, lakini viatu vyake vilikuwa na vumbi la siku nyingi. Alipita mbele ya jamvi, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Natafuta kitabu. Si changu, ni cha mpwa wangu."

Hapo mimi, kwa kiherehere cha ualimu, nikadakia. Nikamwambia kama mpwa wake amefika sekondari, basi achukue *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951 chenye fikra nzito juu ya sheria na haki. Nikakinyanyua kabisa. Mzee akanisogezea mguu, akanikanyaga kidogo kwa unyayo wake. Nikanyamaza.

Yeye hakumwuliza mgeni anataka kitabu gani. Alimwuliza hivi: "Huyo mpwa wako, kitabu gani alikimaliza mara ya mwisho?" Mgeni akafikiri, akasema ni zamani, hakumbuki. "Na kipi kilimshinda katikati?" Akacheka kidogo. Akasema kimoja kilimshinda kwa sababu maneno yalikuwa madogo mno na taa ilikuwa koroboi. Ilikuwa dhahiri kwamba mpwa na mjomba ni mtu mmoja, lakini mzee hakumfichua. Aliendelea kumzungumzia mpwa kana kwamba amesimama pembeni.

Baadaye mzee alinieleza sababu ya maswali yale mawili. Ukimwuliza mtu anapenda nini, atakutajia kile anachodhani ungependa kusikia. Ukimwuliza alichomaliza, atakwambia kweli. Na ukijua kilichomshinda umejua zaidi, maana hapo utaona kama tatizo ni macho, ni taa, ni lugha, au ni moyo.

Kisha akachagua vitabu vitatu. Si viwili, kwa kuwa mtu akiona viwili hushindanisha bei. Si vitano, kwa kuwa mwenye wasiwasi akiona vingi huaga na kuondoka. Kimoja kilikuwa cha barua na maombi ya kazi. Kimoja kilikuwa hadithi ya upelelezi. Cha tatu kilikuwa chembamba, *Utubora Mkulima*, cha Shaaban Robert vilevile, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Akavifungua vyote katikati, akamwambia: "Msomee mpwa wako ukurasa mmoja mmoja, hapo hapo uliposimama. Mwanzo wa kitabu ni kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu. Katikati ndipo utamwona na kanzu ya kushindia."

Mgeni akakisogeza cha kwanza mbali na uso, mkono ukanyooka. Mzee akanitazama, nami nikaelewa kwamba macho yameanza kuchoka. Kitabu kile akakirudisha upesi, kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Cha upelelezi alikisoma huku akitazama watu wanaopita. Cha tatu alikisoma ukurasa, akafunua wa pili bila kuambiwa, na midomo ikaanza kucheza. Mzee akaanza kufunga sanduku, ingawa jua lilikuwa bado juu. Alijua kazi imekwisha.

Bei ilikuwa shilingi 700. Mgeni akasita tena. Mzee akamwambia aache 300, achukue kitabu, na akirudi gulio lijalo kikiwa safi na hakikumfaa mpwa, atarudishiwa 200. Kikimfaa, ataongeza 400. Mtu yule akakiweka chini ya shati, akaaga.

Alipoondoka nikamwuliza mzee kwa nini alichagua kile. Akasema habari za mtu yule zilikuwa zimekwisha enea kijijini. Alikuwa karani katika shirika moja la umma Dar es Salaam, akapunguzwa kazini kama walivyopunguzwa wengi miaka ile. Alikuwa amerudi kwa mama yake tangu kabla ya Pasaka na hatoki ndani mchana. Baba yake alikuwa amemwachia mikorosho, na Ijumaa ijayo alikuwa akitarajiwa mnunuzi wa kununua korosho za miti yote zikiwa bado maua. Kila mkulima wa kwetu anajua biashara hiyo: unapata fedha leo, na mwezi wa Oktoba unamtazama mwingine akiokota chini ya mti wa baba yako.

"Sasa," nikasema, "si umempa kidonda chake mwenyewe? Karani anayegeuka mkulima!"

Mzee akatikisa kichwa. Akanisimulia kosa lake la zamani. Mwanamke kijana alifiwa na mumewe, naye kwa huruma akampa kitabu juu ya mjane. Kesho yake kilirudi, hakikufunuliwa hata ukurasa wa tatu, na yule mama hakukanyaga tena mbele ya jamvi. Tangu hapo alijiwekea kanuni: usimpe mtu msiba wake jinsi ulivyo, mpe jirani wa msiba wake. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Mwalimu, Utubora hakufukuzwa. Aliiacha kazi ya mjini kwa hiari yake, akaenda kulima kwa heshima. Huyu bwana amefukuzwa. Tofauti hiyo ndiyo mlango. Kama wangefanana kabisa angekiona kitabu ni kioo, akakifunika. Sasa atabishana nacho, na mtu anayebishana na kitabu hukimaliza."

Yaliyotokea wiki ile niliyasikia kwa mwenyewe, maana Jumamosi iliyofuata nilihakikisha niko kwenye kigoda kile kabla ya saa tatu asubuhi.

Usiku wa kwanza na wa pili alisoma peke yake, akakasirika. Alimwona Utubora mtu mwenye majivuno, anayeacha mshahara wakati wengine wanaulilia. Usiku wa tatu mama yake, asiyejua kusoma, aliuliza ananung'unika na nani. Akalazimika kumsomea kwa sauti. Mama alisikiliza kwa muda, akauliza kama huyo mkulima wa kitabuni alikuwa na mikorosho. Akajibiwa hapana. "Basi ana bahati," mama akasema, "hajui ubwiriunga." Wakacheka wote wawili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu arudi.

Kucheka huko kulimtoa nje. Asubuhi yake alikwenda shambani na mama kutazama huo ubwiriunga, yaani ule ukungu mweupe kama unga unaoshika maua ya mkorosho na kuyakausha kabla hayajafunga tunda. Alihesabu miti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba afe. Ilikuwa 64. Mingine ilikuwa imebanana, matawi yamefumana hata jua halipiti, na huko ndiko ukungu ulikokuwa mwingi. Pembezoni, penye upepo na jua, maua mengi yalikuwa bado safi. Mama akamwonyesha ipi ilikuwa ikizaa vizuri.

Ijumaa mnunuzi alipokuja alikuta maneno mapya. Karani yule hakumfukuza, maana njaa haisikilizi hadithi. Alimwuzia mazao ya miti 20 tu, na fedha ile akaiweka kwa ajili ya salfa na kukodi mashine ya kuipuliza, ili anusuru 44 iliyobaki. Salfa haingoji; hupulizwa maua yakiwa yanachomoza, ikarudiwa tena na tena kabla hayajaisha. Kama angekaa ndani wiki mbili zaidi, shauri lingekwisha kuamuliwa na ukungu.

Msomaji asije akafikiri kwamba kitabu kilimpa ujuzi huo. Ndani yake hamna neno moja juu ya salfa, na ujuzi wote ulikuwa kwa mama, ndani ya nyumba ile ile, miezi yote ile. Wala hakikumrudishia kazi wala mshahara. Alichofanyiwa na kitabu ni kidogo zaidi: kilimpa mtu wa kugombana naye usiku asiyekuwa yeye mwenyewe, na kikamfungua kinywa mbele ya mama yake. Mengine waliyafanya wenyewe.

Siku ile alipofika kwenye jamvi alitoa shilingi 400 kabla hajaombwa. Mzee akauliza, kwa uso mkavu kabisa, "Mpwa wako amekipenda?" Yule bwana akaangalia chini, kisha akasema, "Hakukipenda, mzee. Ila nataka kukaa nacho." Mzee akapokea fedha, akamwambia kwamba jibu hilo ni zuri kuliko la kupenda.

Niliporudi shuleni Jumatatu nilifungua kabati la vitabu. Funguo zake zilikuwa mfukoni mwangu tangu nilipohamia pale, nami ndiye niliyekuwa nikiamua mtoto yupi apewe kipi. Nilitoa vitabu vitatu, nikaviweka mezani vimefunguliwa katikati, nikamwita mtoto wa darasa la sita ambaye walimu wote tulikuwa tumemkatia tamaa. Nikamwuliza ni kitabu gani kilimshinda. Alinitazama kwa hofu, akidhani ni mtego. Kisha akaanza kunieleza, na alipomaliza kengele ya mapumziko ilikuwa imekwisha pigwa, nami sikuwa nimeisikia.