Lafudhi na Maana

Mpwa wangu, anayesomea sheria chuo kikuu, alinijia juma lililopita baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana sura moja ya tasnifu yake kuhusu mirathi. Programu ya chuo inayolinganisha maandishi ilikuwa imepaka rangi theluthi ya kurasa zake, naye akahofu kuitwa mwizi wa maneno.

"Lakini nimeshayageuza yote kwa lugha yangu, mjomba," akasema. "Rangi imepungua."

Nikasoma. Katiba ya 2010, katika ibara ya 170(5), yaipa mahakama ya kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Yeye, kwa kuikimbia rangi, alikuwa ameandika "ni Waislamu au wamekubali". Kwa "au" hiyo, mjane Muislamu aliyechagua kwenda Mahakama Kuu angeburutwa kwa kadhi bila ya ridhaa yake.

Tukayarudisha maneno ya Katiba kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, na nambari ya ibara mwishoni. Nukuu ndefu tukaipa aya yake, tukaisogeza ndani ya ukingo. Nambari pekee haitoshi, kwani msomaji hatajua Katiba imeishia wapi na mwanafunzi ameanzia wapi, na hapo ndipo tuhuma huzaliwa. Ama ile programu, kazi yake ni kuona maneno yanayofanana, haihukumu. Mtahini huifungua ripoti, na aweza kuiamuru iyaache yaliyomo ndani ya alama.

Katika hukumu moja nilikuta kosa la namna nyingine. Alama zilikuwepo, lafudhi ilikuwa sahihi, ila maneno hayakuwa ya hakimu: yalikuwa hoja ya wakili, ambayo hakimu aliisimulia kisha akaikataa aya mbili mbele.

Mwisho ikaja aya ya 11 ya Suratun-Nisaa, kwa Kiswahili cha Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, bila ya jina lake. Akaniuliza, maneno ya Mwenyezi Mungu yataibwaje? Nikamwambia: Kiarabu ni cha Mola, lakini Kiswahili hiki ni uteuzi wa Sheikh, na mfasiri mwingine ameteua mengine. Mtaje.

Madrasa tulifunzwa kwamba anayepokea hadithi na asiwe na yakini ya lafudhi, humalizia kwa kusema "au kama alivyosema". Kwa hilo msikilizaji hujua amepewa maana. Mpwa wangu alicheka. Alidhani ni mazoea ya wazee tu.

Kesho yake akaniletea ujumbe: amenakili upya kutoka Katiba yenyewe, mkato kwa mkato. Rangi imerudi karibu yote, naye ameiacha.