Ukinifowadia "hii ni kweli?"



Kila wiki simu yangu inaingia ujumbe wa namna moja. Mtu amefowadi kitu kirefu chenye nembo na linki, halafu chini yake ameandika maneno matatu tu: hii ni kweli? Hakuna salamu, hakuna maelezo. Simlaumu. Anayeishi Kampala anaweza kuamka asubuhi akaenda ofisini kuuliza. Ukiwa Jinja ni kama kilomita 80, ukiwa Mbale ni zaidi ya 200, na nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha watoto siku kadhaa. Basi unamwuliza rafiki mwenye bando. Shida ni kwamba matapeli nao wanajua tunakaa mbali na ofisi.

Nitawaeleza ujumbe mmoja tu, ule wa Canada, maana huo ulitufikia wengi.

Dada mmoja wa Mbale, fundi wa kushona nguo, alinifowadia Ijumaa jioni. Uliandikwa hivi kwa kifupi: UNHCR na serikali ya Canada wamefungua usajili wa wakimbizi 5,000 walioko Uganda, nafasi zinakwisha, mwisho ni leo saa sita usiku, jaza fomu hapa. Chini: hii ni kweli?

Mimi sijibu ndiyo wala hapana kwanza. Namrudishia maswali: umeupata kwa nani? Umefungua linki? Umeandika nini humo ndani? Nauliza hivyo kwa sababu mtu ambaye hajagusa kitu na mtu ambaye tayari amejaza fomu hawahitaji jibu moja. Dada akajibu kwamba umetoka kwenye grupu la kwaya, amefungua, ameandika jina, simu, namba ya kadi ya mkimbizi na idadi ya watoto. Fomu ikamwambia atume picha ya atestesheni, halafu asambaze kwa magrupu matatu ili "faili lifunguke". Baada ya saa moja mwanaume akapiga simu, Kiswahili safi kabisa, akataka shilingi 85,000 za faili kwa MoMo. Dada alifika mpaka pale simu inapoonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Akaona jina la mtu binafsi, si la ofisi. Hapo akasimama, akaniandikia. Kwa hiyo kazi kubwa alishaifanya mwenyewe.

Sasa twende taratibu.

Mimi naanza na kile ujumbe unachotaka kutoka kwako. Habari yenyewe inaweza kuwa na ukweli ndani yake. Canada kweli inapokea wakimbizi, hilo halina ubishi, na tapeli mzuri hujenga juu ya jambo la kweli. Lakini huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure: kuandikishwa, mahojiano, kesi, fomu, kila kitu. Hakuna ada ya faili, hakuna ada ya "kuharakisha". Pesa ikitajwa, hata 5,000 tu, maswali yameisha.

Na hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu wengi huniambia, "Lakini yule ni mtu wa ofisi kweli, nimemwona ofisini." Inawezekana. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta mtandao mjini Nairobi uliokuwa unawatoza wakimbizi maelfu ya dola ili wapelekwe nchi ya tatu, na ndani yake walikuwemo wafanyakazi wa UNHCR wenyewe. Kwa hiyo kitambulisho cha ofisi hakigeuzi hongo kuwa ada. Usipoteze muda kuchunguza kama anayeomba ni wa kweli au wa uongo. Angalia kwamba ameomba.

Jambo la pili ni kujua njia ya kweli inavyokwenda, yaani ile tunayoita tu "kesi". Kupelekwa nchi ya tatu hakuombwi kwa linki. UNHCR wenyewe ndio wanaopitia mafaili, wanaangalia nani ana hatari au hitaji kubwa, wanamwita kwa mahojiano, kisha wanapeleka jina kwa nchi husika, na nchi hiyo ndiyo inayoamua mwisho. Canada ina njia nyingine, ya udhamini wa watu walioko kule, lakini nayo inaanza na watu unaowajua kwa majina, haianzi na ujumbe wa kwaya. Nani aliwahi kusikia mahojiano ya kesi yanafungwa saa sita usiku siku ya Ijumaa? Na hii ya kusambaza kwa magrupu matatu, hakuna ofisi duniani inayofungua faili lako kwa sababu umesumbua marafiki zako. Hapo ni wewe unafanyishwa kazi ya kueneza.

Kumbukeni pia Januari 2025, Marekani iliposimamisha programu yake ya kupokea wakimbizi. Watu walikuwa na kesi za miaka, zikakwama. Baada ya hapo nilipokea ujumbe mwingi wa "Marekani imefungua tena, jiandikishe." Mlango mkubwa ukifungwa, watu huangalia kila dirisha, na mwandishi wa ujumbe analijua hilo kuliko sisi.

Halafu anwani ya linki. Hii ndiyo inawachanganya wengi, hata waliosoma. Linki ya dada ilikuwa na umbo hili, nimebadilisha neno la mwisho ili mtu asiibonyeze:

```
https://unhcr.org.usajili-canada.example/fomu
```

Yeye aliona unhcr.org mwanzoni akatulia. Lakini mwenye nyumba hatajwi mwanzoni. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, yaani ule ulio kabla ya neno fomu, halafu soma kurudi nyuma kuelekea kushoto. Maneno mawili yanayougusa mkwaju huo ndiyo yanayokuambia mwenyewe ni nani. Hapa ni `usajili-canada.example`. Hilo unhcr.org la mbele ni rangi tu ya ukuta, mtu yeyote anaweza kuipaka. Linganisha na ukurasa wa kweli wa UNHCR kwa wakimbizi wa Uganda:

```
https://help.unhcr.org/uganda
```

Ukisoma kurudi nyuma kutoka mkwaju, unakuta `unhcr.org` yenyewe imeugusa. Kwenye anwani nyingine za nchi, kama ya OPM ambayo ni `opm.go.ug`, mwisho una sehemu mbili, kwa hiyo unasoma maneno matatu. Barua pepe nayo ni hivyohivyo, ya mfanyakazi wa UNHCR inaishia `@unhcr.org`, haiishii Gmail.

Njia hii ina mwisho wake. Linki fupi zinaficha anwani yote. Na mashirika mengi ya kweli hutumia fomu za Google au za Kobo, ambazo tapeli naye anaweza kuzitengeneza kwa dakika kumi. Kwenye fomu za namna hiyo anwani haisemi kitu, inabidi utafute kama tangazo hilohilo liko kwenye ukurasa wa shirika lenyewe.

Kuna dalili ambazo watu wanazipenda sana na mimi siziamini. Makosa ya kuandika, kwa mfano. Ule ujumbe wa Canada ulikuwa na Kiswahili kizuri kuliko changu. Wakati huohuo, tangazo moja la skolashipu ya DAFI lilizunguka kwetu kama picha iliyofifia, tafsiri mbovu, hata linki haikuwepo, na kijana wa Jinja alilicheka mbele ya wote akasema ni utapeli. Lilikuwa la kweli. Halikudai shilingi hata moja, na lilipatikana kwenye ukurasa wa waliolitoa. Tarehe ya mwisho lilikuwa nayo pia, maana skolashipu za kweli zina tarehe ya mwisho. Nembo ndiyo kabisa, inanakiliwa kwa sekunde. Mishale miwili ya WhatsApp inakuambia tu kwamba ujumbe umepita angalau mara tano kutoka kwa aliyeuandika. Hiyo ina maana anayekutumia hajui ulikotoka, lakini haikuambii kama ni uongo.

Nikarudi kwa dada. Pesa hakutuma, lakini habari zake zilikuwa zimeshatoka. Nilimwambia wazi kwamba hatari sasa ni simu ya wiki ijayo. Atakayepiga atamtaja jina, namba ya kadi, idadi ya watoto, na ataonekana mtu wa ofisi kweli, kumbe anasoma fomu aliyoijaza mwenyewe. Pia anaweza kuomba namba sita zilizoingia kwa SMS, "za kuthibitisha faili". Hizo mara nyingi ni za kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake, usimpe mtu yeyote. Tukaweka ulinzi pamoja hapohapo:

```
Settings > Account > Two-step verification
```

Kisha akapiga 0800 323 232, laini ya bure ya kuuliza na kulalamika kwa UNHCR na washirika hapa Uganda, akaeleza kila kitu, na akabaki na skrinishoti za ujumbe na namba ya yule mwanaume. Kama angekuwa ametuma pesa, kabla hata ya kunitafuta mimi ningetaka apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake, akiwa na namba ya muamala mkononi. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni ngumu sana.

Kitu kimoja zaidi, na hiki ni kwa wote. Ukitaka kuuliza kama ujumbe ni wa kweli, nitumie skrinishoti, usifowadi wenyewe. Ukifowadi kwenye grupu la watu 200 na "hii ni kweli?" chini yake, linki inabaki hai, na yupo atakayebonyeza kabla hajafika kwenye swali lako. Usipofanikiwa kupiga picha, andika tu kwa maneno yako: wanasema nini, wanataka nini, umefanya nini mpaka sasa.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma hapa, nawaomba kwa heshima. Mkitoa tangazo, liwekeni kwenye ukurasa wenu siku hiyohiyo, na tarehe, hata mistari mitatu inatosha. Mara nyingi mnatuma picha kwa mtu mmoja kwenye grupu, halafu sisi tulioko Mbale tunabaki kubishana kama ni lenu. Wiki hii tu nimekaa siku mbili na tangazo la mafunzo ya ushonaji ambalo sijaweza kulijibu, na yule dada ni mmoja wa wanaolisubiri.