Watoto Arobaini wa Imla

Kwa utafiti wangu wa mwaka wa mwisho niliwapa wanafunzi 40 imla ya Kiswahili: 20 wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na 20 wa Musaga, ambako mtoto hukua na Kirundi. Buyenzi walipata wastani wa 13 kwa 20, Musaga 11.4. Jaribio la t likaniambia kuwa tofauti hiyo ya alama 1.6 ingeweza kutokea kwa bahati tu. Nikaandika kwa furaha: "Hakuna tofauti." Nilikuwa nimemaliza, au nilidhani hivyo.

Msimamizi wangu aliuliza swali moja: "Kama kweli kungekuwa na tofauti ya alama 2, wewe ungeiona?"

Sikujua. Jioni nilikokotoa. Alama za watoto zilitawanyika kwa mkengeuko sanifu wa 4 hivi, katika makundi yote mawili. Nikaandika kwenye R:

```
power.t.test(n=20, delta=2, sd=4)
```

Jibu: 0.34. Yaani hata kama tofauti ya alama 2 ipo, utafiti wangu ungeigundua mara 34 tu katika 100. Nilikuwa nimeingia ziwani na wavu wenye matundu makubwa, kisha nikatangaza kuwa hakuna ndagala.

Hesabu ya kutafuta idadi inayotosha si ngumu. Ukikubali hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo, na ukitaka nguvu ya asilimia 80, kila kundi linahitaji:

n = 2 × (1.96 + 0.84)² × (4/2)²

Inatoka 62.7, yaani 63. R inasema 64, kwa sababu mkengeuko wenyewe tumeukadiria kutoka kwenye sampuli. Ugumu uko kwenye ile 2 ya chini. Nilishawishika kuweka 1.6 niliyoipata, lakini namba hiyo yenyewe imetoka kwa watoto wachache, nayo inayumba. Niliweka 2 kwa kuwa chini ya hapo sioni mwalimu akibadili ufundishaji wake. Ningetaka kuona alama 1, wangehitajika zaidi ya 250 kila upande: ukigawa tofauti kwa mbili, watoto wanazidishwa kwa nne. Na kama mkengeuko wa kweli ni 5 badala ya 4, zile 63 zinakuwa 98.

Muda wa kurudi shuleni haukuwepo. Mitihani ya watoto ilikuwa imeanza. Kwa hiyo nilifuta lile "hakuna tofauti" na kuandika kwamba tofauti ya kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, iko kati ya alama 1 kwa faida ya Musaga na alama 4.2 kwa faida ya Buyenzi. Ni sentensi ndefu, nayo haifurahishi. Msimamizi aliipitisha bila kuigusa kwa kalamu.