Kidonge cha Mafua na Usingizi wa Bibi

Bibi yetu alipohamia Kitengela kutoka Mombasa, vumbi lilimtia mafua, nasi tukamnunulia vidonge vya klofeniramini. Vilimletea usingizi, akaendelea kuvimeza kila usiku hata mafua yalipokwisha. Baada ya wiki mbili alianza kuamka mzito, kinywa kimemkauka, akisahau idadi ya rakaa alizoswali na kutuuliza kama tumeshavuka feri ya Likoni. Tulidhani ni uzee.

Daktari mmoja wa Kajiado alitutaka tumwoneshe kila dawa aliyotumia. Alitueleza kwamba dawa hiyo huingia ubongoni na kuizuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka na kuwa makini. Tena haitoki upesi: baada ya takriban saa 20 nusu yake bado imo mwilini, na kwa mzee huchelewa zaidi. Hivyo kidonge cha usiku wa pili hukikuta cha kwanza hakijaisha.

Aliacha, na siku chache baadaye akawa anahesabu rakaa zake sawasawa. Ndugu wasomaji, mzee akichanganyikiwa ghafla, msiulaumu umri. Mpelekeni kwa daktari pamoja na dawa zake zote, hata zile zilizofichwa chini ya mto.