Mjukuu alivyomuaga babu aliyesubiri treni

Kwa Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo kwa makabila mengi nchini, babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume humwita bibi yake "mke wangu", na babu humjibu kwamba mahari hajaiona. Ndiyo maana msibani mjukuu huruhusiwa kusema maneno ambayo mtoto wa kuzaa akiyasema ataambiwa hana adabu.

Kijana mmoja wa Ruangwa alipewa dakika tano za kumzungumzia babu yake siku ya kuanua matanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliandika wasifu kama anavyouona kwenye misiba yote: amezaliwa Nachingwea, ameoa Ruangwa, ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kadhaa. Akamsomea bibi yake. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo ni nani, baba? Mimi simjui."

Kijana akaikunja karatasi. Akajiuliza babu alikuwa anasema nini kila siku. Jibu lilikuwa moja: treni.

Wazazi wengi wa leo hawajui kwamba Nachingwea iliwahi kuwa na reli. Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga mwaka 1947, na Nachingwea ikawa miongoni mwa maeneo yaliyochaguliwa. Ili karanga zifike melini, ilijengwa bandari Mtwara na reli ya kwenda huko. Mvua, udongo na mitambo vikawashinda. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na baada ya uhuru reli nayo ikang'olewa. Limebaki jina: hadi leo Nachingwea kuna mahali panaitwa Stesheni.

Babu aliiona treni hiyo akiwa mtoto, na hakukubali kamwe kwamba imekwenda moja kwa moja. Basi kijana akaandika upya, safari hii akitamka kila sentensi kwa sauti kabla ya kuiandika. Iliyomkata pumzi aliigawa mara mbili. Bibi akasikiliza tena, akacheka, akaondoa jambo moja tu: utani kuhusu babu kukopa fedha na kuahidi kulipa msimu wa korosho. "Kesho wanaomdai marehemu wataitwa wajitokeze," alisema. "Ukishawachekesha, nani atasimama?"

Asubuhi, chini ya mwembe, kijana alisimama akasema hivi:

"Babu, mume mwenzangu, nimesimama. Najua unasema nimechelewa.

"Ukoo huu wote unajua habari ya treni. Ukichelewa shamba, unaambiwa treni imekuacha. Ukichelewa kuoa, treni imekuacha. Mimi nilifeli hesabu darasa la saba, babu akasema nisilie, treni hiyo hata dereva wake hakujua hesabu, ndiyo maana karanga zilikwisha na reli bado ni mpya.

"Alikuja Ruangwa kuoa. Akakaa kwa wakwe, kama mila yetu inavyotaka. Akasema anapumzika kidogo, akisubiri treni ya kurudi Nachingwea. Bibi, alipumzika miaka mingapi?"

Bibi akajibu kutoka mkekani, "Hamsini na tisa!" Watu wakaangua kicheko. Kijana akasubiri kicheko kiishe chenyewe. Hakukifuatisha na utani mwingine. Akateremsha sauti.

"Miaka hamsini na tisa. Mikorosho ile aliipanda yeye. Watoto saba aliwalea hapa. Babu, hukuwa unasubiri treni. Ulikuwa umefika.

"Juma lililopita nilikuwa naye hospitali. Aliniuliza saa ngapi. Nikasema saa kumi na moja alfajiri. Akasema, basi bado mapema. Nikatoka kumtafutia uji. Niliporudi..."

Hapo alinyamaza. Sentensi hiyo alikuwa ameiandika hadi mwisho kwenye karatasi, lakini hakuisoma. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mwisho wake. Mjomba wake alitaka kusimama amsaidie, bibi akamzuia kwa mkono. Baada ya muda kijana akavuta pumzi.

"Babu, safari hii mimi ndiye nimebaki stesheni. Mke wetu nitamtunza. Mahari yake utanidai tukionana."

Akakaa. Waliokuwa wanacheka walikuwa pia wanafuta machozi, na bibi alikuwa anafanya yote mawili. Kisha mzee wa ukoo akasimama, akauliza ni nani anayemdai marehemu. Wanaume wawili wakainua mikono bila aibu, wakaandikwa majina, deni likagawanywa kwa watoto siku hiyohiyo.