Maji Chini ya Mashine ya Kufulia: Yanatoka Wapi?

Maji yanayoonekana sakafuni mbele ya mashine ya kufulia hayathibitishi kwamba mbele ndipo yanapovujia. Maji hufuata mteremko. Yaweza kutona nyuma, yakapita chini ya mashine nzima bila kuonekana, kisha yakajitokeza miguuni mwa anayefua. Kwa sababu hiyo, anayetafuta chanzo hujiuliza kwanza yameonekana saa ngapi katika ufuaji, ndipo ajiulize yameonekana wapi. Mashine hujaza, hufua, humwaga, husuuza na hukamua, na kila hatua hutumia sehemu zake.

Sisi tunaishi ghorofa ya pili mjini Mombasa, na jambo hili lilitufikia kupitia kwa jirani. Bibi wa ghorofa ya chini alipanda ngazi akatuambia kwa upole, "Wanangu, dari ya jikoni kwangu inatona, na matone yako karibu na taa." Tulishuka tukaona doa la rangi ya chai upana wa sahani. Maji yakikaribia taa, udhia wa jirani huwa umeshageuka hatari. Tulimwomba asiiwashe taa ile, nasi tukasimamisha kufua siku hiyo hiyo.

Fundi aliyekuja kutazama aliona kidimbwi mbele ya mashine, akasema ni mpira wa mlango na kwamba ubadilishwe. Huenda angekuwa sahihi, kwa maana mpira huo huharibika mara nyingi. Lakini si wa bei ndogo, na kuubadilisha ni kazi ya kufungua uso wa mashine. Tukaona ni vyema kuhakikisha kwanza.

Tulianza kwa kuzima swichi ya ukutani, kuchomoa plagi kwa mikono mikavu na kufunga mfereji. Tuliivuta mashine mbele, tukapangusa sakafu hadi ikakauka kabisa, kisha tukatandika magazeti nyuma, pembeni na mbele. Gazeti kavu huonyesha hata tone moja, na huonyesha ni upande gani uliolowa kwanza.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mashine ikiwa imezimwa. Tulifungua mfereji peke yake na kusubiri saa nzima. Paipu ya kuingizia maji hubeba presha ya mfereji muda wote, hata mashine isipofanya kazi, kwa hiyo maji yakionekana wakati huu, chanzo ni paipu hiyo au maungio yake mawili. Mara nyingi kinachohitajika ni kubadilisha kipete kidogo cha mpira kilichomo ndani ya ungio. Tulizungushia karatasi laini kila ungio, nazo zikabaki kavu.

Jaribio la pili lilikuwa la kujaza. Tulirudisha plagi, tukaanzisha ufuaji bila nguo, tukatazama droo ya sabuni. Sabuni ikiganda katika vitundu vya droo, maji hukosa njia na kufurika kwa mbele. Maji ya hatua hii, yakiwa hayajagusana na sabuni, huwa safi. Yakiwa na utelezi au povu, yaelekea yameshapita ndani ya mashine. Droo yetu ilikuwa kavu chini na pembeni.

La tatu lilikuwa la kufua. Hapa ndipo mpira wa mlango hujulikana. Maji ya kufulia kwa kawaida hukaa chini ya usawa wa mlango, lakini ngoma ikizunguka huyarusha juu, nayo hutoka palipo na mpasuko au uchafu uliozuia mlango kubana. Tulikunjua mikunjo ya mpira kwa vidole. Tulikuta nyuzi za kanga na pini moja ya mtandio, ambayo ingeweza kuutoboa, ila haikuwa imeutoboa. Tukafuta kioo, tukaiacha mashine izunguke nusu saa. Mbele hapakuwa na tone. Kifuniko cha chujio la pampu, kilicho chini mbele, nacho kilikuwa kikavu. Kingekuwa kinavuja kingeanza kutona mara tu maji yalipokaa ndani, kwa kuwa kipo chini ya usawa wa maji hayo.

Kisha mashine ikaanza kumwaga. Haikupita dakika moja, gazeti la nyuma likalowa. Mchirizi mwembamba ukaingia chini ya mashine, na baada ya muda mfupi ukatokeza mbele, pale pale fundi alipoonyesha. Sakafu yetu ina mteremko kuelekea huko.

Sasa zilibaki sehemu mbili: paipu ya kutolea maji machafu, au bomba la ukutani linaloyapokea. Kuzitenganisha hakukuhitaji mashine hata kidogo. Tuliichomoa plagi, tukatoa ncha ya paipu ukutani, tukamimina ndoo ya lita 10 ndani ya bomba bila kusita. Bomba lililozibwa na nyuzi na sabuni lingefurika juu. Letu liliyameza yote, kwa hiyo halikuwa na kosa.

Ikabaki paipu. Tuliirudisha mahali pake, ncha ikiwa juu kama kawaida, kwa kuwa ikishushwa sakafuni maji hujimwaga yenyewe bila pampu. Tuliifunga karatasi nyeupe katika sehemu tatu, tukaanzisha kumwaga huku tukimulika kwa tochi na bila kugusa kitu. Karatasi ya katikati ililowa. Tulipozima na kuchomoa plagi tena, tulikuta kwenye kona ya paipu mpasuko usiozidi punje ya mchele, mahali ilipokuwa ikisuguana na ukingo wa ukuta kila mashine ilipotikisika kwa kukamua. Paipu ikiwa tupu, mpasuko hujifunga usionekane. Pampu ikiijaza, hufunguka.

Hatukuizungushia gundi ya karatasi. Paipu hii hujaa na kulegea kila ufuaji, na gundi juu ya plastiki yenye unyevu hubanduka upesi. Tulinunua paipu mpya ya urefu na kipenyo kile kile, fundi akaifunga kwenye pampu kwa kibanio chake. Kisha tuliweka mashine sawa kwa kuzungusha miguu yake minne hadi ikaacha kuyumba, tukaacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta ili paipu isisuguliwe tena.

Iko hali moja ambayo majaribio haya hufikia mwisho wake. Maji yakitona katikati ya tumbo la mashine, yakiacha michirizi ya kutu, na mashine ikinguruma kwa sauti nzito inapokamua, yamkini mpira unaozuia maji kwenye mhimili wa ngoma umekwisha na yamefika kwenye beringi. Hapo mashine isimamishwe na aitwe fundi, aambiwe ni katika hatua gani maji yalionekana. Na ikiwa maji yamefikia soketi au waya, asiguse mtu kitu chochote hadi swichi kuu ya nyumba izimwe.

Tulifua mara tatu juu ya magazeti mapya, yote yakabaki makavu. Fundi wa umeme aliikagua taa ya jirani kabla haijawashwa tena. Dari iliachwa ikauke kwanza, ndipo tukaipaka rangi, kwa gharama yetu.