Taa ya mtoto ilisingiziwa

Jumatatu asubuhi gari la dada yangu, Mbagala, liligoma kuwaka. Usiku mwanawe alitafuta kiatu ndani ya gari akaacha taa inawaka, basi lawama zote zikawa zake. Lilipobustiwa, dashibodi ikaandika "Battery Saver Active", yaani kompyuta imeona chaji imeshuka na inapunguza matumizi ya umeme.

Lakini taa ile ni ya wati 5, kama ampea 0.4. Kwa saa 10 inakula ampea-saa 4 tu, na betri ni ya 45. (Taa kubwa za mbele ni habari nyingine, hizo huimaliza kabla hakujakucha.)

Fundi umeme akafungua waya wa hasi, akaunganisha mita hapo, akasubiri nusu saa kompyuta zilale. Gari lililozimwa kwa kawaida halizidi ampea 0.05. Mita ilisoma 0.6. Akachomoa fyuzi moja moja, haikushuka. Akafuata waya mmoja kutoka kwenye betri hadi chini ya kiti, akakuta amplifaya ya mwenye gari wa kwanza, imeungwa moja kwa moja na haizimiki. Kompyuta haina uwezo wa kuikata. Gari liliegeshwa tangu Ijumaa jioni, saa 60, kwa hiyo ilishakula ampea-saa 36.

Amplifaya imepitishwa kwenye swichi. Mtoto ameombwa radhi, akadai na aiskrimu.